Pampu ya maji italipa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu thamani halisi ya sasa

Majibu haya yote yanamfuata mkulima mmoja wa kufikirika mwenye nusu hekta ya bustani na kisima kilichokwisha kuchimbwa. Anataka kununua pampu ya petroli ili alime msimu wa kiangazi, ambao kwa sasa shamba lake hulala tu. Pampu, mabomba na usafiri kwa pamoja ni 1,000. Sikuitaja fedha ya nchi yoyote kwa makusudi: weka yako, kinachohesabika hapa ni uwiano wa nambari zenyewe.

Thamani halisi ya sasa ni nini, kwa lugha ya shambani?

Ni jibu la swali hili: nikitoa 1,000 leo, halafu pampu ikawa inanirudishia kidogo kidogo kwa miaka mitano, je, nimebaki mbele au nyuma nikijilinganisha na mtu aliyeiweka 1,000 hiyo mahali pengine?

Chukua kwamba mahali hapo pengine fedha hukua kwa asilimia 12 kwa mwaka. Mia moja ya leo itakuwa 112 mwaka ujao. Kwa hiyo anayekuahidi 112 mwaka ujao amekupa kitu chenye thamani ya 100 leo, na anayekuahidi 100 mwaka ujao amekupa 89.3 tu ya leo, kwa sababu 100 ukiigawa kwa 1.12 unapata 89.3. Ahadi ya miaka miwili unaigawa kwa 1.12 mara mbili, ya miaka mitatu mara tatu, na kuendelea. Unarudisha kila fedha ya baadaye kwenye thamani ya leo, unazijumlisha zote, kisha unatoa ulichotumia leo. Kinachobaki ndicho thamani halisi ya sasa. Kikiwa chanya, pampu imeshinda matumizi yako mengine ya fedha hiyo. Kikiwa hasi, imeshindwa.

Jibu hasi halina maana kwamba pampu itakutia hasara mfukoni. Lina maana kwamba fedha hiyo ingekufaa zaidi kwingine. Wengi huchanganya mambo haya mawili.

Kwa nini nisijumlishe tu mapato ya miaka yote na kutoa bei ya pampu?

Kwa sababu jumla hiyo inaihesabu fedha ya mwaka wa tano sawasawa na fedha ya kesho asubuhi. Mkulima wetu, kama utakavyoona kwenye jedwali, atapata jumla ya 1,400 katika miaka mitano. Ukitoa 1,000 unaona faida ya 400, na pampu inaonekana nzuri sana. Hata kipimo kingine kinachopendwa, cha kuuliza gharama itarudi baada ya miaka mingapi, kinampa matumaini: mwisho wa mwaka wa nne kamili pampu itakuwa imerudisha 1,000 yote, na mwaka wa tano utakuwa wa faida tupu.

Lakini 400 ya mwaka wa tano, kwa asilimia 12, ina thamani ya 227 leo. Na ile 1,000 iliyofungiwa kwenye pampu kwa miaka minne haikuwa ikizaa mahali pengine popote. Ukishazihesabu hizo mbili, picha inageuka.

Ni fedha zipi ziingie kwenye hesabu?

Zile tu zinazobadilika kwa sababu ya pampu. Hapa ndipo hesabu nyingi za wakulima zinapoharibika, na ningependa tukae hapa kidogo.

Chora mistari miwili kichwani. Mmoja ni maisha ya shamba bila pampu, mwingine ni maisha ya shamba lenye pampu. Kila fedha iliyo sawa katika mistari yote miwili unaiacha. Mavuno ya msimu wa mvua yapo pampu ikinunuliwa au isiponunuliwa, kwa hiyo hayaingii. Gharama ya kuchimba kisima nayo haiingii, hata kama ilikuuma sana, maana imekwisha kutoka na hakuna uamuzi wa leo utakaoirudisha. Uchakavu unaoandikwa kwenye vitabu vya hesabu pia hauingii: tayari umeiweka bei yote ya pampu kwenye mwaka wa sifuri, ukiweka tena uchakavu utakuwa umelipia pampu mara mbili.

Kinachoingia ni haya. Mauzo ya ziada ya kiangazi, kwa mkulima wetu ni 900 kwa mwaka. Kutoka humo unatoa mbegu, mbolea na dawa 260, vibarua 140, petroli na oili 150, matengenezo madogo kama plagi na kichujio 50. Yanabaki 300.

Ndani ya ile 140 ya vibarua kuna siku za kazi za mkulima mwenyewe na za familia yake, amezihesabu kwa ujira ambao angemlipa mtu wa nje. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona karatasi nyingi ambazo kazi ya mama na watoto ni bure. Si bure. Kama kiangazi ulikuwa unakwenda kufanya kibarua na sasa utabaki shambani na bomba mkononi, ujira ule ulioukosa ni gharama ya pampu kama ilivyo petroli.

Halafu kuna miaka isiyofanana na mingine. Mwaka wa kwanza huwa na mapato madogo, kwa sababu mabomba yanachelewa, mtu bado anajifunza kugawa maji, na sehemu ya mazao inakauka wakati anahangaika. Mkulima wetu ameweka 200 badala ya 300. Mwaka wa tatu ameweka matengenezo makubwa ya 100: sili, ringi za pistoni na impela, lile gurudumu linalosukuma maji. Mwisho wa mwaka wa tano pampu iliyochoka itauzwa kwa 100.

Ule mstari wa mwaka wa tatu ndio unaosahauliwa zaidi. Mimi pia niliusahau kwenye pampu yangu ya kwanza. Kisima kilikuwa na mchanga kidogo, wa kuonekana tu ukiyaacha maji yatulie kwenye ndoo. Kwanza yakaanza kudondoka matone kati ya injini na pampu, ambayo ni dalili ya sili kuisha. Kisha pipa la lita 200 lililokuwa likijaa kwa sekunde 36 likaanza kuchukua sekunde 50. Injini ilinguruma vilevile na kunywa petroli ileile, ila mchanga ulikuwa umeisaga impela. Mwaka mzima nililipia maji ambayo hayakufika shambani, na fundi nikamlipa kwa fedha ambayo sikuwa nimeipanga.

Nitajuaje petroli itakayotumika kabla sijanunua?

Anza na maji, si na injini. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Mazao yake yakihitaji milimita 5 kwa siku, nusu hekta inataka mita za ujazo 25. Lakini maji yanayopita kwenye mitaro hupotea njiani, na akichukua kwamba asilimia 60 tu ndiyo yanayofika kwenye mizizi, pampu inapaswa kutoa karibu mita za ujazo 42 kila siku.

Sasa soma kibandiko cha pampu kwa uangalifu. Kimeandikwa mita za ujazo 36 kwa saa na kimo cha mita 30. Hivi viwili havipatikani kwa pamoja. Mtiririko ule mkubwa ni wa pampu isiyoinua maji popote, na kimo kile kikubwa ni cha maji yaliyokwisha kusimama bombani, hayatoki. Ukiinua maji kutoka kisimani, ukayapitisha kwenye mpira mrefu hadi mwisho wa shamba, unapata kitu cha katikati. Mkulima wetu alimwomba mwenye pampu ya aina hiyohiyo waijaribu kwenye kisima chake, na mabomba ya urefu ule ule. Pipa la lita 200 lilijaa kwa sekunde 36, yaani mita za ujazo 20 kwa saa.

Kwa kibandiko angefanya kazi kama saa 1 na dakika 10 kwa siku, au saa 105 kwa msimu wa siku 90. Kwa pipa ni zaidi kidogo ya saa 2 kwa siku, au saa 189. Kupata petroli ya saa moja ni rahisi: jaza tangi hadi shingoni, washa saa nzima ukiwa unamwagilia kweli, kisha jaza tena kwa chupa yenye vipimo.

Tofauti hiyo si ndogo. Angefuata kibandiko angeandika petroli na oili 83 kwa mwaka badala ya 150. Pengo la 67 kwa mwaka, likirudishwa kwenye thamani ya leo kwa miaka mitano, ni kama 241. Angeona pampu yenye faida ya kupendeza ambayo haipo.

Hesabu yenyewe inafanywaje?

Kila mwaka una kizidishi chake. Cha mwaka wa kwanza ni 1 gawanya kwa 1.12, cha mwaka wa pili ni hicho ukigawanya tena kwa 1.12, hadi mwaka wa mwisho. Kikokotoo cha simu kinatosha.

| Mwaka | Fedha halisi | Kizidishi kwa 12% | Thamani ya leo |
|---|---|---|---|
| 0 | −1,000 | 1.000 | −1,000 |
| 1 | 200 | 0.893 | 179 |
| 2 | 300 | 0.797 | 239 |
| 3 | 200 | 0.712 | 142 |
| 4 | 300 | 0.636 | 191 |
| 5 | 400 | 0.567 | 227 |

Jumla ya mwaka wa 1 hadi wa 5 ni 978. Ukitoa 1,000 unabaki na −22.

Ndiyo, hasi. Pampu ileile iliyoonyesha faida ya 400 kwa kujumlisha tu, na iliyorudisha gharama yake yote katika miaka minne. Na lau mkulima angeandika 300 kila mwaka bila mwaka wa kujifunza, bila matengenezo makubwa na bila bei ya kuuzia mwishoni, angepata chanya 81. Kukubali au kukataa kulitegemea mistari michache ambayo watu huiacha kwa kuona ni midogo.

Hiyo asilimia 12 imetoka wapi?

Kutoka kwenye kile ambacho fedha hiyo ingefanya kama isingenunua pampu. Kama ni akiba yako, jiulize kwa ukweli: ingekaa wapi? Kama ungenunua mifugo ya kunenepesha na kwa kawaida unapata asilimia 12 baada ya kutoa vifo na malisho, hiyo ndiyo kiwango chako cha punguzo. Kama ni mkopo, huwezi kutumia kiwango kilicho chini ya riba unayolipa baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Na kama sehemu ni akiba na sehemu ni mkopo, pima kwa uzito wa kila sehemu.

Usiulize kiwango sahihi kwa wakulima wote, hakipo. Jirani mwenye akiba iliyolala anaweza kutumia asilimia 6 na pampu hii ikamfaa kabisa. Anayekopa kwa riba halisi ya asilimia 20 atapata −204 kwa pampu hiyohiyo, kwenye udongo uleule. Wote wawili wamehesabu vizuri.

Pampu ya mkulima wetu inafika sifuri kwenye kiwango cha karibu asilimia 11. Nambari hiyo ni nzuri kuijua: mwenye fedha ya bei ya chini ya hapo anunue, mwenye fedha ya bei ya juu asinunue, ikiwa makadirio mengine ni ya kweli.

Bei zinapanda kila mwaka. Je, mfumuko wa bei nauweka wapi?

Una njia mbili, na kosa ni kuchukua nusu ya kila moja. Njia ya kwanza ni kuandika kila mwaka kwa bei zitakazokuwapo mwaka huo, petroli iliyopanda na mazao yaliyopanda, kisha kutumia riba kama inavyotajwa na mkopeshaji. Njia ya pili, ambayo naipendelea kwa sababu hakuna anayejua bei ya petroli ya miaka minne ijayo, ni kuandika kila kitu kwa bei za leo na kuondoa mfumuko kwenye riba.

Kuondoa si kutoa tu. Riba ya asilimia 18 na mfumuko wa asilimia 6 ni 1.18 gawanya kwa 1.06, inakuja 1.113, yaani asilimia 11.3 na si 12 kamili. Kwa kiwango hicho pampu yetu inapata −4, karibu sifuri. Lakini aliyetumia asilimia 18 nzima juu ya mapato ya bei za leo atapata −164 na kuikataa pampu kwa kosa la hesabu. Kosa hili hukionea kila kifaa kinachodumu muda mrefu, kwa sababu linaiadhibu fedha ya baadaye mara mbili.

Jambo moja la kuangalia: kama unaamini petroli itapanda haraka kuliko mazao yako, hapo bei za leo hazitoshi, pandisha mstari wa petroli peke yake.

Nimekopa. Je, nitoe marejesho ya mkopo kwenye mapato ya kila mwaka?

Hapana. Riba tayari imo ndani ya kiwango cha punguzo. Ukitoa 1,000 mwaka wa sifuri, kisha ukatoa marejesho kila mwaka, halafu ukapunguza kwa riba, umelipia mkopo mara zaidi ya moja.

Marejesho yana karatasi yao tofauti, ya mwezi kwa mwezi. Thamani halisi ya sasa inakuambia pampu ina faida, haikuambii kama mwezi wa pili, kabla hujavuna hata kilo, utakuwa na fedha ya kumpa mkopeshaji. Pampu yenye thamani chanya inaweza kuchukuliwa na mkopeshaji mwezi wa tatu. Kwa hiyo omba marejesho yaanze baada ya mavuno, au usikope.

Natumia jedwali la kompyuta. Mbona jibu langu linatofautiana?

Karibu kila mara ni kwa sababu umeiweka bei ya pampu ndani ya mabano. Kitendakazi cha `NPV`, yaani thamani halisi ya sasa, kinachukulia kwamba nambari ya kwanza inakuja mwisho wa mwaka wa kwanza, si leo. Ukikipa na −1,000, kinaipunguza nayo kwa mwaka mmoja. Ikiwa seli `B1` ina −1000 na `B2` hadi `B6` zina miaka mitano, andika hivi:

```
=NPV(0.12, B2:B6) + B1
```

Kwa mfano wetu inatoa −22.3. Ukiweka zote ndani utapata −19.9, na kwa bahati alama haibadiliki, ila nambari si sahihi. Kumbuka pia kwamba `B1` lazima iwe hasi. Nimeona mtu aliyeijumlisha bei ya pampu kama mapato na akafurahi sana.

Jibu likiwa karibu na sifuri namna hii, niliamini?

Liamini kama onyo, usiliamini kama hukumu. Tofauti ya 22 juu ya 1,000 ni ndogo kuliko makosa yaliyomo kwenye makadirio yenyewe. Cha kufanya ni kutikisa kila mstari peke yake uone ni upi unaoyumbisha jibu.

Shusha kiwango cha punguzo kutoka asilimia 12 hadi 10: jibu linakuja +33, limesogea 55. Sasa rudisha 12, na ushushe mauzo kwa asilimia 10 tu, kutoka 900 hadi 810. Jibu linaanguka hadi −346, limesogea 324. Ona tofauti. Watu hubishana usiku kucha kuhusu asilimia 12 au 10, na kumbe bei ya mazao sokoni ina nguvu karibu mara sita ya hiyo.

Sababu yake ni rahisi ukiitazama. Ile 300 ya kila mwaka si mstari wenyewe, ni pengo kati ya 900 inayoingia na 600 inayotoka. Mauzo yakipungua sehemu moja ya kumi, 90 yote inakatwa kwenye pengo lile, na pengo linapungua karibu theluthi. Mbegu, petroli na vibarua vimekwisha kulipwa, havikusubiri bei ya soko. Kwa hiyo kama una siku tatu za kutafuta habari, zitumie zote kuuliza bei ya mazao ya kiangazi, na hasa bei ya shambani siku wakulima wote wenye pampu wanapovuna pamoja. Bei ya kiangazi cha sasa, wakati wewe na majirani hamna pampu, ni ya juu kwa sababu hamna pampu.

Jaribio la pili ninaloliona la lazima ni la kisima. Pampu ya juu ya ardhi huvuta maji kwa msaada wa mgandamizo wa hewa, na nadharia inaishia karibu mita 10 usawa wa bahari. Kwa vitendo, ukihesabu msuguano na uvujaji, mita 7 ndiyo kikomo cha kutegemea, na ukiwa mahali pa juu milimani hupungua zaidi. Kwa hiyo pima kina cha maji mwisho wa kiangazi, siku kisima kimeshuka kabisa, tena baada ya kuyatoa maji kwa saa mbili mfululizo. Kamba yenye jiwe inatosha. Kipimo cha wakati wa mvua hakikwambii lolote.

Maji yakishuka chini ya kikomo katikati ya msimu utaisikia: injini inapanda sauti kwa kukosa mzigo, maji yanatoka kwa kukohoa yakiwa na mapovu, kisha hayatoki. Tuseme jambo hili limetokea mwaka wa pili na mauzo yakaishia 400. Mapato ya mwaka huo yanakuwa −200 badala ya 300, na thamani halisi ya sasa inaanguka hadi −421. Mwaka mmoja mbaya unatosha kuibadilisha pampu ya wastani kuwa mzigo. Kama rekodi ya kisima chako inaonyesha hilo hutokea, mwaka huo uandike kwenye jedwali tangu mwanzo, usiuache kama ajali.

Pampu ya jua ni ghali zaidi ya mara mbili, lakini haili petroli. Nilinganishe vipi?

Maisha yao hayalingani, kwa hiyo usilinganishe jumla mbili. Geuza kila moja kuwa gharama ya kila mwaka. Unachukua thamani ya leo ya vifaa na kuigawa kwa jumla ya vizidishi vya miaka yake. Kwa asilimia 12, jumla ya vizidishi vya miaka mitano ni 3.605, na ya miaka kumi ni 5.650.

Petroli: 1,000, ongeza matengenezo makubwa, toa bei ya kuuzia mwishoni, unapata kama 1,014 ya leo. Gawanya kwa 3.605, ni 281 kwa mwaka. Ongeza petroli, oili na matengenezo madogo 200, ni 481.

Jua: tuseme 2,400, idumu miaka 10, kidhibiti kibadilishwe mwaka wa sita kwa 200, na matunzo yawe 30 kwa mwaka. Inakuja 473. Kwa maji yaleyale, jua limeshinda kwa nywele moja, ingawa bei ya mwanzo ilitisha.

Lakini fanya tena kwa asilimia 20. Petroli inakuwa 540 na jua 618, na mshindi amebadilika. Pampu ya jua ni kama kununua petroli ya miaka kumi kwa mkupuo mmoja leo. Mwenye fedha ya bei nafuu anaweza kufanya hivyo, mwenye mkopo wa riba kubwa bora alipe petroli kidogo kidogo. Ndiyo maana ushauri wa jumla kwamba jua ni rahisi, au kwamba jua ni ghali, hausaidii mpaka mtu aseme fedha yake inamgharimu kiasi gani.

Yangu imekuja hasi. Niache kununua?

Kabla ya kuacha, angalia kama pampu inakaa bila kazi. Ya mkulima wetu hufanya kazi saa 2 kwa siku kwa siku 90, miezi mingine imelala. Gharama ya 1,000 inabebwa na nusu hekta peke yake.

Alizungumza na jirani mwenye shamba upande wa pili wa kisima. Kuanzia mwaka wa pili atamkodishia, jirani ajaze petroli yake, na yeye abaki na 60 kwa mwaka. Fedha hiyo ya miaka minne ina thamani ya 163 leo. Hata hivyo pampu itachoka mapema, na haki ni kuongeza matengenezo mengine ya 80 mwaka wa nne, ambayo ni 51 ya leo. Jibu likatoka −22 likawa +90.

Alitikisa tena. Mauzo yakishuka asilimia 10 bado anaangukia hasi, −234, kwa hiyo kukodisha hakukumwondolea hatari ya soko. Akaamua kununua baada ya kupata mnunuzi wa kiangazi aliyekubali bei kabla ya kupanda, kwa theluthi mbili ya mavuno. Pipa la lita 200 ameliacha palepale kisimani, na kila mwanzo wa mwezi anahesabu sekunde za kulijaza na kuziandika kwa kalamu ya rangi kwenye ukuta wa kibanda cha pampu. Zikipita 42, fundi anaitwa.